Kabla ya kununua rangi, nionyeshe ukuta wote

Wiki jana msomaji wa Kiamunyi, hapa Nakuru, alinitumia picha ya ukuta mweusi na swali fupi: "Fundi, haya ni maji ya msingi?" Picha yenyewe ilipigwa karibu mno, hata sikujua ni juu au chini ya ukuta. Nikamwomba asimame mlangoni apige nyingine, sakafu na dari zote zionekane. Ilipoingia, weusi ulikuwa umekaa kona ya juu ukashuka nyuma ya kabati la nguo, na kule chini rangi ilikuwa nzima. Hayo si maji ya msingi, dada yangu.

Maji ya ardhini hupanda kutoka chini. Utaona mkanda ulioanzia sakafuni, mara nyingi usiozidi mita moja, wenye ukingo wa kahawia unaopinda kama alama ya chai kwenye kikombe. Ndani ya mkanda huo rangi huvimba na kuna unga mweupe, chumvi iliyopanda na maji ikabaki ukuta unapokauka. Chukua tone la maji uweke juu ya unga huo: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Tena chumvi hiyo hiyo ndiyo inayofanya kuvu nyeusi isipende sehemu hiyo, kwa hiyo ukiona weusi mwingi, angalia kwingine kwanza.

Jasho la ukuta ni jambo lingine. Usiku wa Juni na Julai hapa Nakuru ni baridi, madirisha yamefungwa, mmepika, nguo zimeanikwa chumbani, watu wanne wanapumua. Mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi zaidi, yaani kona ya ukuta wa nje na nyuma ya kabati, ambapo hewa haipiti. Kuvu huja kukaa hapo kwa sababu imepata maji. Ukiiua bila kuondoa maji, itarudi.

Niliwahi kuitwa kwenye ploti moja Langa Langa, na chumba kimoja kilikuwa na yote mawili: mkanda mweupe chini, kuvu juu ya dirisha. Nikamweleza mwenye nyumba kwamba ni kazi mbili tofauti, na kwamba nje alikuwa amejaza udongo wa maua mpaka ukafunika ile karatasi nyeusi ya msingi tunayoiita dipisi, inayozuia maji ya ardhini yasipande, nayo maji yakapita juu yake. Akacheka, akasema natafuta pesa. Akampa kazi fundi mwingine, akapiga plasta mpya ya simiti na rangi ya mafuta juu yake. Mvua za masika zilipoisha rangi ilikuwa imevimba, na mkanda umepanda juu zaidi, maana maji yaliyozibiwa njia ya kutokea hutafuta nyingine. Akanipigia simu. Sikumkumbusha maneno yake, ingawa nilikuwa nayo mdomoni.

Tulichimba udongo wa nje hadi ukawa sentimita 15 chini ya dipisi. Tukabandua plasta mpaka sentimita 30 juu ya alama, tukaacha jiwe wazi likauke. Hapa ndipo alipolalamika, kwa sababu ukuta hukauka takriban inchi moja kwa mwezi na wake ulikuwa wa inchi 6. Mwishowe tukapiga plasta ya chokaa na mchanga na rangi ya maji, inayoruhusu ukuta kupumua. Wenye nyumba, mpangaji hawezi kuwakaushia msingi kwa kufungua dirisha. Nanyi wapangaji, msidai msingi mpya kwa kuvu iliyo nyuma ya kabati.

Yule dada nilimwambia abandike kipande cha foili ukutani, kingo zote zizibwe kwa selotepu, akiache siku mbili. Kililowa upande wa chumbani: jasho. Kingelowa upande wa ukuta, maji yangekuwa yanatoka ndani. Akaosha kuvu kwa sabuni, kisha kwa Jiki, kikombe kimoja kwa kumi vya maji, amevaa glavu na barakoa, dirisha wazi. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Wala usikwangue kuvu ikiwa kavu, utaitawanya chumba kizima. Kabati amelisogeza sentimita kumi kutoka ukutani, na sasa hufungua dirisha anapopika, hata baridi ikiwepo.

Foili ikilowa upande wa ukuta na doa liko juu, mbali na sakafu, hapo picha haitoshi. Angalia mabati, mfereji wa paa na bomba lililopita ndani ya ukuta, hasa kama doa hukua mara baada ya mvua.