Jengo limepanda, mashine imeshuka: tuandikeje?

Swali: Chama chetu cha akiba na mikopo kinaandaa taarifa ya fedha ya mkutano mkuu kwa Kiswahili. Jengo la ofisi limethaminiwa upya, likapanda kutoka shilingi milioni 120 hadi milioni 180, na mhasibu akaandika "akiba ya jengo". Mashine ya kukoboa mpunga iliingiwa na mafuriko ikapoteza thamani, yeye akaandika "uchakavu". Wajumbe wa bodi wanabishana. Maneno hayo yako sawa?

Jibu: Yote mawili yabadilishwe, na la kwanza ndilo la hatari zaidi.

Katika chama cha akiba na mikopo, neno "akiba" lina mwenyewe. Mwanachama akilisikia anafikiria fedha alizoweka, ambazo siku moja atazidai. Sasa mwonyeshe mstari unaosema "akiba ya jengo, milioni 60". Atauliza ziko benki gani, na swali lake ni la haki. Hazipo popote. Hakuna senti iliyoingia. Kilichobadilika ni maoni ya mthamini kuhusu bei ya jengo lilelile. "Faida" nayo haifai, kwa sababu faida hupita kwenye taarifa ya mapato na matumizi, na hizi milioni 60 hazipiti huko. Zinaonyeshwa chini ya matokeo ya mwaka, kwenye fungu la mapato mengine jumuishi, kisha zinakaa upande wa mtaji katika mizania, kwenye mstari wake peke yake.

Neno ninalolipendekeza ni "ziada ya uthamini upya", na liandikwe kamili kila mara. Vyama vya ushirika vimezoea kuita matokeo mazuri ya mwaka "ziada", na ziada hiyo ndiyo mkutano mkuu huigawa. Ukikata maneno ukaandika "ziada" tupu, umewaalika watu wagawane ukuta na paa.

Kuhusu "uthamini" na "tathmini": maneno haya ni ndugu, lakini yamegawana kazi. Tunafanya tathmini ya mradi au ya semina, yaani kupima mambo yalivyokwenda. Kupanga bei ya nyumba au shamba ni uthamini, na anayeifanya kazi hiyo ni mthamini. Kwa hiyo andika "jengo limethaminiwa upya". Usiandike "jengo limepandishwa thamani", kwa kuwa hiyo inasikika kama bodi imeamua yenyewe kupandisha, na pia inaficha kwamba uthamini upya unaweza kushusha.

Hapo ndipo istilahi inapojaribiwa, kwa hiyo tulifuate jengo lenu miaka michache mbele. Tuseme limebakiza miaka 30 ya matumizi. Kwa milioni 120, uchakavu wake ulikuwa milioni 4 kwa mwaka. Kwa milioni 180 unakuwa milioni 6. Ile milioni 2 iliyoongezeka imetokana na uthamini upya tu, na Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 kinaruhusu kila mwaka kiasi hicho kihamishwe kutoka ziada ya uthamini upya kwenda limbikizo la ziada za miaka iliyopita. Kinahamishwa moja kwa moja ndani ya mtaji, bila kupitia taarifa ya mapato na matumizi. Tumia "kuhamisha", kwa sababu "kulipa" au "kutoa" yatamfanya msomaji atafute hundi.

Baada ya miaka mitatu jengo litasomeka milioni 162 vitabuni, na ziada ya uthamini upya itakuwa imebaki milioni 54. Mthamini akirudi na kusema sasa lina thamani ya milioni 90, limeshuka milioni 72. Upungufu huo kwanza unakula ile ziada ya jengo hilohilo, milioni 54 zote. Milioni 18 zilizobaki ndizo zinazoingia kwenye taarifa ya mapato na matumizi kama hasara. Unaweza kujihakikishia hesabu hiyo kwa njia nyingine: kama jengo lisingethaminiwa upya kamwe, leo lingekuwa milioni 108 vitabuni, na kutoka 108 hadi 90 ni 18.

Kushuka huko kuiteni "upungufu wa thamani kutokana na uthamini upya". Msiite "punguzo", maana punguzo ni la dukani, muuzaji anapomwachia mteja bei. Na neno "upungufu" lisiachwe peke yake, kwani kwa keshia upungufu ni fedha zilizokosekana kwenye droo.

Sasa mashine. Uchakavu umetokana na kitenzi "chakaa", na kuchakaa ni kwa nguo, kiatu, gari: kitu kinaisha polepole kwa kutumika. Uhasibu umelichukua neno hilo vizuri, kwa sababu gharama ya uchakavu hupangwa tangu mashine inaponunuliwa, mwaka hadi mwaka, hata kama hakuna baya lililotokea. Mafuriko hayakupangwa. Mashine iliyokuwa ikikoboa vizuri Ijumaa ikaamka Jumatatu na tope kwenye mota haijachakaa, imepungukiwa thamani. Hapo tunatumia "upungufu wa thamani", na kiasi kinachoandikwa kwenye taarifa kinaitwa "hasara ya upungufu wa thamani". Mimi naepuka "kushuka thamani" katika mstari wa hesabu, kwa sababu magazeti yameshalizoesha kwa shilingi dhidi ya dola.

Kiwango namba 36 kinadai mlinganishe thamani ya kitabuni na kile kinachoweza kurejeshwa kutokana na mashine. Mnapima njia mbili: mkiiuza mtabaki na kiasi gani baada ya gharama za kuuza, na mkiendelea kuitumia itawaletea kiasi gani kwa thamani ya leo. Mnachukua kilicho kikubwa, ambacho nakiita "thamani inayorejesheka". Tuseme vitabuni mashine ni milioni 24, ikiuzwa itabaki milioni 14, ikitumika italeta milioni 17. Thamani inayorejesheka ni 17, hasara ni milioni 7. Kama mashine haijawahi kuthaminiwa upya, haina ziada ya kuipunguza, hivyo milioni 7 zote zinaingia kwenye taarifa ya mapato na matumizi mwaka huohuo. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuzifuta milioni hizo kwa kutumia ziada ya jengo. Hairuhusiwi, ziada ya mali moja haibebi hasara ya nyingine.

Kuna sababu nyingine ya kutochanganya maneno haya mawili. Kama mashine imebakiza miaka minne, uchakavu wake ulikuwa milioni 6 kwa mwaka. Baada ya hasara unakuwa milioni 4.25. Taarifa ikiwa imeandika "uchakavu, milioni 13" kwa mwaka ambao una milioni 6 za kawaida na milioni 7 za mafuriko, msomaji ataona mwaka unaofuata uchakavu umeporomoka na hatajua kwa nini. Wekeni mistari miwili, na katika maelezo mtaje mafuriko kwa jina lake.

Mota ikibadilishwa na hali ikawa nzuri, "kurejea kwa thamani" kutaandikwa kama mapato, lakini kuna kikomo: mashine haiwezi kuzidi pale ambapo ingekuwa kama mafuriko yasingetokea. Baada ya miaka miwili hapo ni milioni 12, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na 15.