Chuki au kukisia?

“Mwajiri akimruka mtu mweusi, wachumi wanajuaje kama ni chuki au anakisia tu?”

Wanabadilisha taarifa anazopata mwajiri, kisha wanaangalia kama pengo kati ya wazungu na weusi wanaoitwa linasogea. Anayesema inatosha kuwatumia waajiri wasifu wenye majina ya Kizungu na ya Wamarekani weusi yuko sahihi nusu: hilo linathibitisha ubaguzi upo, lakini sababu yake halisemi.

Jaribio ninalolitumia kufundishia ni la watafiti Agan na Starr, lililochapishwa 2018. Walituma maombi ya kubuni kama 15,000 ya kazi za ngazi ya chini huko New Jersey na New York, kabla na baada ya sheria kukataza fomu za maombi ya kazi kuuliza “umewahi kuhukumiwa?” Kwa waajiri waliokuwa na swali hilo, mwanzoni wazungu waliitwa asilimia 7 zaidi ya weusi wanaofanana nao. Swali lilipoondolewa, pengo likafika asilimia 43. Chuki peke yake isingesubiri swali lifutwe. Waajiri walikosa jibu, wakalisoma kwenye jina. Inaniuma, maana kijana mweusi asiye na kosa lolote ndiye aliyepoteza nafasi ya kujieleza.

Ila angalia, kukisia si lazima kuwe kweli. Mwajiri anaweza kuamini weusi wengi wana hatia kuliko ilivyo, na kosa hilo linaweza kuwa limezaliwa na chuki. Jaribio hili haliwezi kuvitenganisha hivyo viwili.