Tisa ziliokoa laki moja ya bosi

Wiki iliyopita lori la saruji lilifika saiti na ankara ya mkono: mifuko 347, kila mmoja shilingi 18,500, jumla 6,519,500. Kijana aliyeileta alikuwa ana haraka, fundi mkuu anapiga kelele mifuko ishushwe kabla mvua haijaanza, na bosi yuko kwenye simu ananiambia, "Dada, lipa basi, tumalize." Nikageuza ankara, nikachora msalaba mdogo nyuma yake, nikaandika tarakimu nne. Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, hii haiko sawa. Rudia."

Alinikazia macho kama nimemtukana. Akatoa simu, akabonyeza. 6,419,500. Laki moja nzima ilikuwa imeongezeka njiani, na mimi nilikuwa sijazidisha chochote. Bosi aliponiuliza nimejuaje, nilimjibu, "Tisa zimekataa." Najua nilijidai kidogo. Nimeipata kwa shida, niacheni nijidai.

Hesabu hii nilifundishwa na bamdogo, aliyekuwa karani wa pamba kwenye chama cha ushirika, enzi za vitabu vikubwa vya mistari na kalamu ya wino. Ni ya zamani kuliko ushirika wote: Fibonacci, Mwitaliano aliyejifunza tarakimu hizi tunazotumia kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini, aliiandikia wafanyabiashara mwaka 1202. Unachukua namba, unajumlisha tarakimu zake mpaka ibaki moja tu. 347 ni 3 na 4 na 7, yaani 14. 1 na 4 ni 5. Hiyo 5 iandike kushoto kwa msalaba. 18,500 nayo ni 14, kwa hiyo 5 tena, iandike kulia. Zidisha hizo mbili: 25, yaani 7. Iandike juu. Sasa njoo kwenye jibu la ankara: 6 na 5 na 1 na 9 na 5 ni 26, yaani 8. Iandike chini. Juu 7, chini 8. Zikitofautiana, jibu ni baya, hakuna mjadala. Jaribu jibu la kweli, 6,419,500: utapata 25, yaani 7.

Siri yake ni kwamba 10 ni 9 na moja juu, 100 ni 99 na moja juu, 1,000 ni 999 na moja juu. Kwa hiyo 300 ukiitolea tisa zote inabaki 3 tu. Unapojumlisha tarakimu, unachobaki nacho ni kile kinachosalia namba nzima ikigawanywa kwa tisa. Ndiyo maana tarakimu 9 unairuka bila kuihesabu, na ukiona 4 na 5, au 6 na 3, zifute zote mbili. Ukizoea, macho yanafuta yenyewe. Tarakimu zote zikifutika, baki ni 0.

Kwenye kujumlisha ni hivyohivyo, ila mabaki unayajumlisha badala ya kuyazidisha. Huu hapa ukurasa wa mauzo, na baki la kila mstari pembeni:

218,000 – 2
74,500 – 7
135,250 – 7
96,800 – 5
412,300 – 1
58,750 – 7

Mabaki yanafika 29, yaani 11, yaani 2. Jumla ya ukurasa ni 995,600: 9 ziruke, 5 na 6 ni 11, yaani 2. Imekubali. Ungesahau kubeba 1 mahali popote kwenye safu hizo, baki lingepungua kwa 1 na ungeliona papo hapo. Kosa la kubeba ndilo linalowaua watu kwenye safu ndefu, na tisa hulikamata kila mara likiwa peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyie vijana mnaotaka kushika hela za watu. Tisa zikikataa, amini. Zikikubali, usishangilie bado. Chukua ile 218,000 uiandike kwa bahati mbaya 281,000. Baki lake bado ni 2. Jumla inakuwa 1,058,600, na baki ni 2 vilevile. Tisa hazioni tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa sababu kujumlisha hakujali nani katangulia. Hazioni pia sifuri iliyodondoka: 5,500 na 55,000 kwake ni pacha. Wala haziwezi kutofautisha 0 na 9.

Hili la kubadilishana nafasi nalijua kwa uchungu. Duka nililofanyia kazi kabla ya hapa, jioni moja kitabu kilidai hela zaidi ya zilizokuwemo kwenye droo. Zimepungua 63,000. Mwenye duka hakuuliza mara mbili. Alisema mbele ya wateja kwamba nitakatwa mshahara, na mkewe akaongeza yake ambayo sitaiandika hapa. Nilikaa na kile kitabu usiku. Jambo la kwanza nililofanya ni kugawa upungufu kwa tisa: 63,000 kwa 9 ni 7,000 kamili. Hapo moyo ulitulia, maana tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa tisa bila kubaki.

Na jibu la kugawa linakuonyesha pa kutafuta. 7,000 maana yake tarakimu zilizobadilishana ziko nafasi ya maelfu na ya makumi elfu, na zinapishana kwa 7. Kwa hiyo sikusoma kitabu kizima. Nilitafuta 8 na 1, au 9 na 2, au 7 na 0, zikiwa zimekaa pamoja hapo tu. Mstari wa 281,000 ulikuwa katikati ya ukurasa. Kopi ya risiti ilisema 218,000, na mwandiko wa kitabuni haukuwa wangu, ulikuwa wa mtoto wa mwenye duka aliyenishikia kaunta wakati wa chakula. Asubuhi nilimwonyesha mzee. Akasema, "Haya, endelea na kazi." Pole hakuna. Wateja waliosikia nikiitwa mwizi, nani aliwaita kuwaambia vinginevyo?

Kwa hiyo usije ukakubali kukatwa mshahara kabla hujagawa upungufu kwa tisa. Ikigawanyika, tafuta tarakimu zilizopinduka kwanza. Inaweza kugawanyika kwa sababu nyingine: 5,500 iliyoandikwa 55,000 inaacha tofauti ya 49,500, na hiyo nayo inagawanyika kwa 9. Isipogawanyika, acha kutafuta hizo. Angalia mstari ulioruka, au tarakimu moja iliyosomwa vibaya, 1 ikawa 7.

Kwa sifuri zilizodondoka, kadiria kwa kichwa kabla ya kuchora msalaba. Mifuko mia tatu na kitu kwa elfu kumi na nane na kitu lazima iende milioni sita hivi. Ankara ya 641,950 ingepita kwenye tisa bila shida, lakini isingepita kwangu.

Ankara za mashine nazipima mara chache, mashine haisahau kubeba. Tatizo lake ni aliyebonyeza idadi: akiingiza 347 wakati lori limeshusha 337, kuzidisha kutakuwa sawasawa na tisa zitakubali. Hapo namtuma kijana ahesabu mifuko stoo, safu kwa safu, kabla dereva hajawasha gari.