Anayelipa kodi ya ardhi ni nani hasa?

Kuna kiwanja nakitaka, ila kodi ya pango la ardhi imepanda kwa Sh 60,000 kwa mwaka. Nimwambie muuzaji apunguze hizo 60,000?

Zidisha kwa kumi. Hizo 60,000 utatoa kila mwaka, na ukifa watatoa wanao. Tuseme una hati fungani inayolipa asilimia 10: ukiweka 600,000 humo, riba yake italipa ongezeko hilo mwaka hadi mwaka bila mtaji kuguswa. Kwa hiyo kiwanja kilichokuwa milioni 6 kabla ya kodi kupanda, sasa kisizidi milioni 5.4. Muuzaji atanung'unika, lakini ardhi haibebeki ipelekwe kusikotozwa, na kila mnunuzi mwingine atapiga hesabu hiyo hiyo.

Hesabu hii inasimama tu kama watu wanaamini kodi itadumu. Ingekuwa ya miaka mitatu, punguzo halali ni kama 149,000. Malimbikizo ya nyuma ni jambo jingine: hayo ni deni, yakatwe shilingi kwa shilingi kabla hujasaini.

Mimi nilinunua baada ya kodi kupanda na inaniumiza kila mwaka. Si haki ifutwe?

Samahani, ndugu yangu, lakini kama ulinunua kwa milioni 5.4 ulishafidiwa. Aliyeumia ni aliyekuuzia. Kodi ikifutwa kesho, kiwanja kinarudi milioni 6 na laki sita zinaangukia mfukoni mwako, si mwake.

Denmark walipata nafasi ya kulipima jambo hili. Mwaka 2007 halmashauri ziliunganishwa, viwango vya kodi ya ardhi vikabadilika, kwingine juu, kwingine chini. Watafiti walipofuatilia mauzo ya nyumba walikuta bei zimebadilika karibu sawa na thamani ya kodi yote ya miaka ijayo.

Na serikali ikitusaidia kununua nyumba, tutanufaika?

Inategemea kama nyumba zinaweza kuongezeka. England ilianzisha mikopo nafuu ya nyumba mpya mwaka 2013. London, ambako pa kujenga ni shida, bei zilipanda. Mpakani na Wales, ambako nafasi ipo, zilijengwa nyumba zaidi na bei hazikupanda.

Mbona nyumba za huku Mbagala hazikushuka bei tulipoanza kukatwa kodi ya jengo kwenye umeme wa LUKU?

Nyumba ya kawaida ilikuwa Sh 1,000 kwa mwezi, ikawa 1,500 Julai 2023. Hiyo ni 18,000 kwa mwaka. Kwa riba ile ile, 180,000. Kwenye nyumba ya milioni 40, kiasi hicho humezwa na dalali kabla hamjamaliza soda. Tena ni kodi ya jengo: kiwanja kitupu hakikatwi. Ingekuwa kubwa, watu wangepunguza kujenga, vyumba vingeadimika, na sehemu yake ingemfikia mpangaji kupitia kodi ya chumba.