Tangazo la mabuibui: Kiswahili cha heshima, Kiingereza au cha mtaani?

"Wakuu, nina duka la mabuibui Mlandege. Tangazo la Instagram niandike kwa Kiswahili cha heshima, Kiingereza au lugha ya mtaani? Na nitajuaje ipi inafaa?"

Dada yangu, Kiingereza kiweke kando. Mimi nakitumia kwa biashara za wageni wa Paje na Nungwi, tena kwa tangazo lake peke yake. Kwako wewe mashindano ni ya hizo mbili nyengine.

Duka moja la nguo hapa mjini niliwaandikia hivi. La kwanza: "Karibuni. Mabuibui mapya yameingia, kitambaa chepesi kisichoonyesha. Shilingi 45,000. Pemba tunatuma kwa boti." La pili: "Mabuibui makali yametua! Kitambaa chepesi, hakionyeshi kitu. 45,000 tu, Pemba tunatuma kwa boti. Wahi mrembo!" Picha moja, bei moja, habari zile zile, kilichobadilika ni sauti tu. Ukitaja bei huku ukaiacha kule, hutajua kilichovuta watu ni lugha au ni bei.

Usiyatie yote mawili kwenye bajeti moja ukaacha mtandao ugawe wenyewe. Huangalia lipi limebonyezwa mapema, likamwagiwa pesa karibu zote, na jengine halionekani. Ingia Ads Manager, sehemu ya Meta ya kuendeshea matangazo ya Instagram, chagua "A/B test". Hapo watu wanagawanywa makundi mawili, na aliyewekwa kwenye tangazo hili haonyeshwi lile. Eneo weka Unguja na Pemba peke yake, la sivyo utapima ladha ya Dar. Yaende pamoja wiki nzima, na usipime kumi la mwisho la Ramadhani, maana siku hizo nguo inajiuza.

Matangazo yakimpeleka mteja WhatsApp, kila moja lipe salamu yake ya kuanzia: hili "Naulizia buibui jipya", lile "Nataka kuona mabuibui". Muuzaji akiisoma anajua mteja katokea wapi, anaandika daftarini, na akilipa anatia alama.

Daftari ndilo lililotuonyesha ukweli. La mtaani lilijaa laiki na vijana wakitaniana, na meseji zake nyingi zikaishia "bei gani?" ilhali bei imeandikwa. La heshima lilileta meseji chache, lakini waliouliza walitaka kujua urefu, mikono, na boti inaondoka saa ngapi. Hao ndio waliolipa. Kwa hiyo pesa ya kila tangazo igawe kwa idadi ya walionunua, uone kila mnunuzi amekugharimu kiasi gani, laiki ziache.

Wanunuzi wakiwa 7 kwa 5 usitangaze mshindi, hiyo inaweza kuwa bahati tu. Rudia wiki nyengine. Tena angalia umri wa waliobonyeza, kwa sababu jibu hili ni la mabuibui ya akina mama. Duka hilo hilo lilipoleta raba za vijana tulipima upya, na safari hiyo lugha ya mtaani ndiyo iliyouza.