Dawa ya meno ya supamaketi na ya jina kubwa

"Ya supamaketi imeandikwa 0.32%, ya jina kubwa 1.1%, si ina maana ya supamaketi ni hafifu?"

Hapana, we angalia ppm, yaani sehemu za floraidi kwa kila milioni, zote hapo inakuja karibu 1450. Ya 0.32% ni sodiamu floraidi, hiyo ya 1.1% ni sodiamu monofluorofosfeti, molekuli yake nzito so inabidi iwekwe nyingi ndo ifikie floraidi ileile, nauza duka la dawa naulizwa hili kila wiki. Ila anayesema zote sawa tu kapatia nusu, kama unatumia ya jina kubwa sababu meno yanashtuka ukinywa baridi, cheki ya supamaketi kama ina potasiamu naitreti ya kutuliza huo mshtuko, isipokuwepo usibadilishe.