Mkoba wa dola 72, mkononi dola 53.75: Etsy wamekata nini?

Swali: Naishi Columbus, Ohio. Nauza kwenye tovuti ya Etsy mikoba ya ukili anayosuka shangazi yangu Lamu. Juzi nimeuza mmoja dola 60, na posta dola 12. Nilisoma kwamba kamisheni yao ni asilimia 6.5, lakini nikipiga hesabu nimebakiwa na dola 53.75 tu, na hata hizo bado hazijaingia benki. Halafu mteja mwingine ananiambia mkoba wake umefika umepinda, anataka kuurudisha, ilhali dukani kwangu nimeandika sipokei bidhaa zilizorudishwa. Nimeibiwa, au ni mimi sijaelewa masharti?

Jibu: Hujaibiwa, dada. Ila makato mawili kati ya manne uliyokatwa hukuyatarajia, na moja ungeweza kulikataa.

Ingia Shop Manager, kisha Finances, kisha Payment account. Usitazame jumla ya juu. Shuka mpaka kwenye oda yenyewe, utakuta kila kato limeandikwa mstari wake. La kwanza ni senti 20 za kuweka tangazo la bidhaa. Hizo unalipa hata mkoba usiponunuliwa, na tangazo likidumu miezi 4 bila kuuzika, ukilihuisha unalipa tena. La pili ndiyo hiyo asilimia 6.5 uliyoisoma, lakini hukatwa kwenye bei pamoja na posta. Kwa hiyo ni asilimia 6.5 ya dola 72, yaani dola 4.68. Wauzaji wengi huteleza hapa: wanashusha bei ya bidhaa na kuipandisha posta, wakidhani posta haiguswi. Inaguswa.

La tatu ni ada ya kupokea malipo ya kadi. Kwa duka lililo Marekani ni asilimia 3 na senti 25 juu yake, na msingi wake ni mpana zaidi, kwa sababu hukatwa kwenye kila senti iliyopita kwenye kadi ya mnunuzi, kodi ya mauzo ikiwemo. Kodi hiyo Etsy ndio wanaoikusanya na kuipeleka jimboni, wewe huioni, lakini ada ya kuipitisha unailipa. Tuchukue kwamba mnunuzi wako alitozwa kodi ya dola 5.40. Kadi yake imekatwa dola 77.40. Asilimia 3 yake ukiongeza senti 25 ni dola 2.57.

Mpaka hapo umekatwa dola 7.45, na ungebaki na dola 64.55. Zilizobaki kukufikisha 53.75 ni dola 10.80 kamili, nazo ni asilimia 15 ya dola 72. Hiyo asilimia 15 ndiyo iliyonionyesha jibu hata kabla sijamaliza kusoma swali lako: ni Offsite Ads.

Etsy hutangaza bidhaa zako nje ya tovuti yao, kwenye Google na mitandao ya kijamii, na wanalipia matangazo hayo wao wenyewe. Mtu akibofya tangazo, kisha akanunua chochote dukani kwako ndani ya siku 30, unakatwa asilimia 15 ya oda hiyo. Si lazima anunue mkoba uleule alioubofya. Akibofya leo, akaja kununua kikapu kidogo wiki ya tatu, bado wanahesabu kwamba tangazo ndilo lililomleta. Duka jipya huwa limeshawekwa ndani ya mpango huu bila kuulizwa.

Maadamu hujafikisha mauzo ya dola 10,000 ndani ya miezi 12, unaruhusiwa kujitoa: Settings, kisha Offsite Ads, kisha uzime. Ukishavuka kiwango hicho kiwango cha kato hushuka mpaka asilimia 12, lakini mlango wa kutokea hufungwa, na haufunguki tena hata mauzo yakirudi chini. Je, ujitoe? Mimi sitakwambia uzime tu. Piga hesabu ya mkoba mmoja. Ukitoa nauli ya posta, tuseme dola 11, oda ile imekuachia dola 42.75. Ukitoa malipo ya shangazi na sehemu yako ya mzigo kutoka Lamu, kinachobaki kinakutosha? Kama kinatosha, na mnunuzi huyo usingempata kwa njia nyingine, acha liendelee. Kama hakitoshi, ama uzime ama upandishe bei ili kila mkoba uweze kubeba kato hilo, maana hujui ni oda ipi itakayoangukiwa nalo. Kuliacha wazi na kuweka bei kana kwamba halipo ndiko kunakowala watu.

Sasa hizo pesa ambazo hazijafika. Hapa kuna saa mbili zinazotembea, na watu huzichanganya. Saa ya kwanza ni ratiba uliyoichagua mwenyewe: kila siku, kila wiki, kila wiki mbili au kila mwezi. Kama umeweka kila wiki, pesa hutoka kwao Jumatatu, na benki yako nayo huchukua siku zake za kazi kabla hujaziona. Saa ya pili ni swali la kama pesa zenyewe zimeshafunguliwa. Duka likiwa jipya, au mauzo yakipanda ghafla, Etsy wanaweza kushikilia sehemu ya kila oda kama akiba, wakihofia wanunuzi kuja kudai pesa zao. Ukiona kwenye Payment account kiasi cha jumla ni kikubwa kuliko kile kilichoandikwa Available for deposit, ujue tofauti hiyo imeshikiliwa, na kubadili ratiba hakutaifungua.

Kinachoifungua mapema ni namba ya kufuatilia mzigo. Posta wakiuskani mzigo na namba ikaanza kuonyesha safari, Etsy wana ushahidi kwamba umetuma. Ukibonyeza tu kwamba oda imetumwa bila kuweka namba, kwao hakuna kilichobadilika, na utasubiri mpaka siku za kushikilia ziishe zenyewe. Nunua lebo ya posta humohumo ndani ya Etsy. Namba huingia yenyewe kwenye oda, na hutakuja kukosea tarakimu moja ukaanza kuhangaika. Na usigeuze akaunti ya pale kuwa kibubu: weka ratiba ya wiki au ya kila siku. Machi 2023 benki ya Silicon Valley ilipoanguka, kuna wauzaji wa Etsy waliocheleweshewa malipo kwa sababu kampuni iliitumia benki hiyo kuwalipa. Walilipwa baada ya siku chache tu, lakini aliyekuwa ameacha ya mwezi mzima alikuwa na la kumkosesha usingizi.

Tuje kwa mteja wa mkoba uliopinda. Ulichoandika, kwamba hupokei bidhaa zilizorudishwa, ni halali, lakini kinazuia jambo moja tu: mteja aliyebadili mawazo. Mkoba ni mzuri, umefika salama, yeye hakupenda rangi. Huyo unaweza kumkatalia. Bidhaa ambayo haikufika, iliyofika imeharibika, au isiyofanana na picha na maelezo, hiyo masharti yako hayaigusi, kwa sababu kuna sharti la Etsy lililo juu ya lako. Na mkoba uliopindia njiani ni bidhaa iliyoharibika, hata kama ulitoka mikononi mwako umesimama wima.

Utaratibu uko hivi. Mnunuzi lazima akuandikie wewe kwanza. Yakipita masaa 48 hamjaelewana, anaruhusiwa kufungua kesi, na Etsy wanaingia kuamua. Mlango huo unabaki wazi kwake siku 100. Kwa hiyo masaa 48 hayo ndiyo yako. Mjibu leo, tena mjibu ndani ya Messages za Etsy. Mkiongea kwa simu au WhatsApp, mwamuzi hataona hata neno moja.

Muombe picha mbili: moja ya mkoba na moja ya boksi kwa nje. Kisha fungua tangazo lako uziweke ubavuni. Kama boksi limepondeka, au mkoba umevunjika ukili, usibishane. Mpe achague: mkoba mwingine, punguzo la pesa abaki nao, au aurudishe apewe pesa zote. Akiurudisha kwa sababu ya uharibifu, nauli ya kurudi hutegemewa uibebe wewe. Ukirudisha pesa zote, ile asilimia 6.5 na ada ya kadi hurudi kwako, senti 20 hazirudi, na nauli uliyowalipa posta imekwenda.

Urudishaji huo ufanye kwenye ukurasa wa oda yenyewe, kamwe usifanye kwa Zelle. Ukimtumia mtu dola 72 kwa Zelle kwa nia njema, ada hazirudi, na kwenye kumbukumbu za Etsy mteja bado hajalipwa. Anaweza kufungua kesi na akalipwa mara ya pili. Na kama ameshalalamika kwa benki yake badala ya Etsy, usirudishe kitu kwanza. Kesi hiyo huamuliwa na benki ya mnunuzi. Pesa zinakuwa zimeshachukuliwa wakati inasikilizwa, nawe kazi yako ni kutuma namba ya kufuatilia, picha na mazungumzo yenu kabla ya siku wanayokupa. Ukilipa wakati huo unalipa mara mbili.

Kuna unafuu ambao wauzaji wadogo hawaujui. Oda isiyozidi dola 250, posta na kodi zikiwemo, inaweza kuangukia mpango wao wa kulinda manunuzi: mnunuzi analipwa na Etsy kwa fedha zao, wewe unabaki na zako. Masharti yake ni kwamba ulituma ndani ya siku ulizoahidi, namba ya kufuatilia iko kwenye oda na inafanya kazi, na picha na maelezo yako ni ya kweli. Oda ya kiasi kama cha ile yako ya dola 77.40 inaingia humo. Lakini mpango hufanya kazi kesi ikishafunguliwa na ikakubalika, si kwa wewe kujilipia kisha ukawaandikia wakufidie.

Kwa mkoba huu uliopinda, kabla ya yote hayo, mwambie mteja aupanguse kwa kitambaa chenye unyevu, aujaze karatasi zilizofinyangwa mpaka usimame, auache kutwa nzima mbali na jua. Ukili ambao umekunjika tu bila kukatika hulainika na kurudi. Akikubali kujaribu, muahidi kwa maandishi humohumo Messages kwamba mkoba usipokaa sawa utampa pesa zake. Na ijayo, ujaze mkoba karatasi kabla ya kuufunga, utie kwenye boksi badala ya mfuko, upige picha boksi likiwa bado wazi.